Saa 10 ya Nakonde, saa 10 ya Mlowo

Ofisi ya wakala wa forodha mjini Tunduma haiwezi kumaliza siku kwa lugha moja. Madereva wanapiga simu kwa Kiswahili. Wachuuzi wanaopita dirishani wanasalimiana kwa Kinyamwanga, lugha inayozungumzwa pande zote mbili za mpaka. Ukivuka kwenda Nakonde unakutana na Kibemba, na Kiswahili hakikosi wa kukijibu. Barua pepe za kazi kutoka Zambia, hata hivyo, zinakuja kwa Kiingereza, kwa sababu hiyo ndiyo lugha rasmi ya nchi hiyo na ndiyo wakala wa kule anayoitumia kuandikia maelezo ya mzigo.

Mteja naye yuko Mlowo, wilayani Mbozi, ana lori la mchele limevuka mpaka na anataka habari kwa Kiswahili, tena sasa hivi. Karani anainakili barua ya Kiingereza, anaibandika kwenye programu ya kutafsiri, na baada ya sekunde chache ana Kiswahili mkononi. Google Translate imekuwa na Kiswahili tangu mwaka 2009, na miaka ilivyokwenda sentensi zake zimezidi kuwa nyoofu. Ofisi yenye utaratibu haimwachii karani atume hapo hapo. Rasimu inapita kwanza kwa mwenzake, aisome na kuirekebisha.

Kazi ya mwenzake huyo ndiyo habari ya makala haya. Inachukua kama robo saa, na watu wengi huifanya vibaya kwa sababu moja: wanaanza kwa kusoma tafsiri. Wanasahihisha tahajia, wanaondoa neno lililojirudia, wanaweka koma, wanasema iko sawa. Barua ya Kiingereza hawajaifungua. Kwa namna hiyo mtu husahihisha Kiswahili tu, na hajui kama kinachosemwa humo ndicho alichosema wakala wa Nakonde.

Tuchukue barua moja ya mfano. Imetungwa kwa ajili ya makala haya, na tarakimu zake ni za mfano, lakini makosa yake ni ya aina zinazotokea kweli mashine inapopewa Kiingereza cha mpakani. Hii ndiyo rasimu iliyotoka:

"Mpendwa Bwana, tafadhali shauriwa kwamba farasi wako na trela wamefika Nakonde leo. Kadi ya njano imeisha muda wake. Nyaraka za asili zinapaswa kutufikia hadi Ijumaa saa 10:00. Gari huenda lisiondoke kwenye uwanja kabla ya ushuru kulipwa. Ada ya maegesho ni K450 kwa siku. Tafadhali rudi haraka."

Jicho linakimbilia kwa farasi. Zambia na nchi nyingine za kusini mwa Afrika, kichwa cha lori, yaani sehemu ya mbele yenye injini inayovuta trela, huitwa kwa Kiingereza chao "horse". Mashine imeona neno, ikatoa mnyama, kisha ikavipatanisha vyote viwili, farasi na trela, kwa ngeli ya watu na wanyama: wamefika. Kila anayefanya kazi ya malori atacheka na kuelewa. Mteja wa Mlowo ataelewa pia, maana anajua hajapakia farasi. Kosa hili linaaibisha ofisi, lakini halimpotezei mtu shilingi, na linasahihishwa kwa neno moja: lori.

Hatari yake iko kwingine. Mkaguzi akishalikamata hujiona amefanya kazi, na macho yake hulegea. Sentensi zinazofuata hazichekeshi. Zimenyooka, zinasomeka, na ndizo zitakazomgharimu mteja.

Tuanze na saa, kwa sababu pale mpakani saa ina mitego miwili kwa pamoja. Mtego wa kwanza ni namna ya kuhesabu. Mswahili anahesabu tangu jua linapochomoza, kwa hiyo kilichoandikwa 10:00 kwenye barua ya Kiingereza ni saa 4 asubuhi. Mashine imeacha tarakimu kama zilivyo na kutanguliza neno "saa". Mteja wa Mlowo akisoma "Ijumaa saa 10:00" ataelewa saa kumi jioni, na hakosei hata kidogo, maana kwa Kiswahili ndivyo ilivyo.

Mtego wa pili ni mstari wa mpaka wenyewe. Tanzania inatumia saa za Afrika Mashariki, Zambia inatumia saa za Afrika ya Kati, na Zambia iko nyuma kwa saa moja mwaka mzima, kwa kuwa hakuna nchi kati ya hizi mbili inayosogeza saa kwa misimu. Wakazi wa Tunduma wanalijua jambo hili mikononi mwao: simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe, ikidaka mtandao wa ng'ambo, hurudi nyuma saa nzima hali mwenye simu hajatoka kitini. Kwa hiyo 10:00 ya Nakonde ni 11:00 ya Tunduma, nayo ni saa 5 asubuhi.

Hebu tupige hesabu. Wakala anataka nyaraka zimfikie saa 5 asubuhi kwa saa za Tanzania. Mteja ameelewa saa kumi jioni, yaani 16:00. Amechelewa kwa saa tano naye anaamini amewahi. Ataziweka bahasha kwenye basi la Ijumaa asubuhi kwa utulivu, zitafika Tunduma mchana, na mtu wa kuzivusha atakuta muda umepita. Iwapo ofisi ya wakala haifunguliwi wikendi, lori litalala yadi mpaka Jumatatu. Kwa ada ya mfano wetu, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu ni kwacha 1,350 za maegesho peke yake, kabla hujamlipa dereva posho ya kusubiri wala hujamweleza mnunuzi wa mchele kwa nini hajapokea mzigo.

Kuna jambo jingine kuhusu saa ambalo mkaguzi mgeni hulikosa. Mashine haina msimamo. Barua moja inaacha 10:00 ikawa "saa 10:00", nyingine inageuza vizuri kabisa ikaandika "saa 4 asubuhi", na zote mbili zinaweza kutokea ndani ya siku moja, pengine ndani ya barua moja. Mkaguzi aliyejiwekea kanuni ya kupunguza saa sita kila anapoona saa ataiharibu ile iliyokuwa sahihi. Njia salama ni kutoisahihisha saa ya kwenye tafsiri kabisa. Rudi kwenye Kiingereza, soma tarakimu ya asili, jiulize ni saa za nchi gani, kisha andika upya.

Neno "hadi" linafuata. Barua ya Kiingereza ilitumia "by", ikimaanisha zifike wakati wowote kabla ya hapo, na huo ndio mwisho. Rasimu ikasema "zinapaswa kutufikia hadi Ijumaa". Msomaji anaweza kuelewa kuwa upokeaji unaendelea mpaka Ijumaa, kwamba Ijumaa nzima imo ndani. Kwenye mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo haisumbui mtu. Kwenye barua inayoweka mwisho wa muda inasumbua sana, na dawa yake ni kuandika "kabla ya" au "zisichelewe kupita".

Sentensi ya nne ndiyo ya hatari kuliko zote kwa jinsi ilivyo nzuri. "Gari huenda lisiondoke kwenye uwanja kabla ya ushuru kulipwa." Sarufi imekaa sawa, upatanisho umekaa sawa. Lakini Kiingereza kilisema "may not leave", maneno ambayo yana sura mbili: yanaweza kubahatisha, na yanaweza kukataza. Mashine imechagua kubahatisha. Katika barua ya forodha maana ni katazo: lori haliruhusiwi kutoka yadi mpaka ushuru ulipwe. Mteja anayeambiwa "huenda" anasikia nafasi ya kuzungumza. Atampigia dereva amwambie ajaribu. Dereva akijaribu kutoka na mzigo ambao Mamlaka ya Mapato ya Zambia haijauachia, atakuwa na kesi.

Namna ya kuamua ni kuangalia nani anasema na ana nguvu gani. Wakala anapopeleka kauli ya mamlaka ya mapato, hapo pana amri. Anapotabiri foleni ya kesho, hapo pana kubahatisha. Mashine haijui kama anayesema ni ofisa wa forodha au mtabiri wa hali ya hewa, ila mtu aliyekaa Tunduma mwaka mmoja anajua.

Na "kadi ya njano"? Hapa kusoma Kiingereza kwa makini hakutoshi, kwa sababu Kiingereza chenyewe kilisema hivyo hivyo. Madereva wa njia hii hubeba vitu viwili vinavyojibu jina hilo. Kimoja ni bima ya magari ya nchi za kanda, ile iliyoanzishwa chini ya COMESA, ambayo Tanzania imeendelea kuwamo ingawa ilijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000. Watu wa malori huiita yelo kadi. Kingine ni cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, kijitabu cha njano ambacho dereva hukiweka pamoja na pasipoti. Mtu asiye wa kazi hii anaweza hata kuwaza mpira wa miguu.

Mwendelezo wa barua unasaidia kidogo. Inazungumzia gari, kwa hiyo bima inaelekea kuwa ndiyo jibu. Kuelekea hakutoshi, maana ya kwanza inashughulikiwa kwa kampuni ya bima na ya pili inampeleka dereva kwenye dawati la afya. Mkaguzi mzuri hakisii. Anamwambia mwenzake, "Kaka, mpigie wakala wa Nakonde, muulize ni bima au ni chanjo." Simu ya dakika mbili. Mpaka jibu lije, sentensi hiyo inabaki wazi na barua haiendi.

Makosa yaliyobaki yanapita upesi. "Shauriwa" ni Kiingereza cha ofisini kinachomaanisha tu kujulishwa, basi andika "tunakujulisha". "Nyaraka za asili" ni hati halisi zenye mhuri wa wino, siyo nakala iliyoskaniwa, na kwa mchele zitajumuisha cheti cha afya ya mimea ambacho kwa Tanzania kinatolewa na TPHPA. Mteja asiposikia neno "halisi" atatuma picha kwa WhatsApp na kusubiri. "Uwanja" ni yadi. "Tafadhali rudi haraka" ni ombi la kujibiwa, kwa kuwa wafanyabiashara wa huku wanapotumia neno la Kiingereza la kurudi wanamaanisha leta jibu. Na K450 isiachwe hivyo. Mtanzania amezoea kuona herufi hiyo nyuma ya tarakimu ikisimama badala ya elfu, na akikutana nayo mbele anaweza kupata shilingi laki nne na nusu. Andika kwacha 450.

Kabla ya yote hayo kuna "Mpendwa Bwana". Mteja ni mama. Barua ya Kiingereza ilianza kwa salamu ya jumla ya kiume kwa mazoea, na mashine ikaifuata. Kwa Kiswahili cha ofisi "Ndugu Mteja" inatosha na haimkosei mtu, na kama ofisi inamfahamu, "Mama" na jina lake inafaa zaidi. Salamu fupi ya habari za kazi haipotezi muda wa mtu. Barua inayoingia moja kwa moja kwenye ushuru na adhabu humfanya msomaji ahisi anagombezwa, naye anahitaji kuisoma kwa utulivu kwa sababu ina mambo matatu ya kutekeleza.

Baadhi ya makarani wana njia yao ya kujihakikishia: wanachukua Kiswahili kilichotoka, wanakirudisha kwenye mashine igeuze tena kwa Kiingereza, na kikifanana na barua ya kwanza wanaridhika. Kwa barua yetu njia hiyo ingepitisha karibu kila kosa. Farasi angerudi kuwa "horse". "Saa 10:00" ingerudi kuwa 10:00, tarakimu ile ile. Kadi ya njano ingerudi na rangi yake, na K450 ingerudi salama. Mashine inarudi kwa njia ile ile iliyojia, kwa hiyo haiwezi kuona ilipopotea. Majaribio hayo yanafaa kukamata sentensi iliyorukwa au neno "si" lililodondoka, basi.

Kinachofaa zaidi ni kuziweka barua mbili ubavu kwa ubavu kwenye skrini na kwenda sentensi kwa sentensi, Kiingereza kwanza. Watafsiri wa kazi hii wana hata kiwango cha kimataifa, ISO 18587 cha mwaka 2017, kinachoeleza uhariri kamili wa tafsiri ya mashine unaofanywa na binadamu. Msingi wake ni huo huo: anayehariri awe anaielewa lugha ya asili, na amalizapo pasiwe na kilichoongezwa wala kilichoachwa. Hati zinazokwenda mahakamani au ubalozini ni habari nyingine, na kwa hizo lipo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, ambalo hutafsiri na kuthibitisha tafsiri. Barua ya lori lililokwama yadi haiwezi kungoja huko. Itahaririwa Tunduma, na mtu aliyeko zamu.

Lipo pia suala linalotangulia tafsiri yenyewe: nini kinabandikwa kwenye mashine. Barua ya forodha huwa na jina la mteja, namba ya mlipa kodi, simu ya dereva, mara nyingine namba ya pasipoti. Karani akiibandika nzima kwenye huduma ya bure ya mtandaoni, taarifa hizo zimetoka nje ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazigusa ofisi ndogo za mpakani kama inavyozigusa benki. Mazoea mazuri ni kuondoa majina na namba kabla ya kubandika, ukaweka MTEJA, DEREVA, GARI, kisha ukazirudisha kwa mkono baada ya kuhariri. Faida ya pili inajitokeza hapo hapo: namba ambayo haikupita kwenye mashine haiwezi kuharibiwa na mashine. Unapoirudisha, inakili kutoka kwenye barua ya asili, usiiandike kwa kumbukumbu.

Simu ya Nakonde ikishajibiwa, na tuseme jibu ni bima, barua inakuwa hivi:

"Ndugu Mteja, habari za kazi. Tunakujulisha kuwa lori lako la mchele, kichwa na trela, limefika Nakonde leo. Mambo matatu yanahitaji hatua yako. Kwanza, bima ya yelo kadi ya gari imeisha muda, inatakiwa kukatwa upya. Pili, hati halisi za mzigo, siyo nakala, zifike kwa wakala Nakonde kabla ya Ijumaa saa 5 asubuhi kwa saa za Tanzania, ambayo kwa Zambia ni saa 4 asubuhi. Tatu, lori haliruhusiwi kutoka yadi mpaka ushuru wa Zambia ulipwe, na yadi inatoza kwacha 450 kwa siku. Tafadhali tujibu haraka ili tukupangie namna ya kuvusha hati."

Ni ndefu kuliko rasimu. Sehemu ya urefu ulioongezeka imekwenda kwenye saa, na ndipo palipostahili. Mpangilio wa kwanza, pili, tatu haukuwa kwenye Kiingereza. Mhariri ameuweka kwa sababu mteja atasomewa au atasoma kwenye simu akiwa ghalani, na lazima akumbuke mambo matatu. Hilo linaruhusiwa mradi hakuna jambo lililozaliwa wala kufa njiani. Sentensi ya mwisho, ya kupanga namna ya kuvusha hati, ni ahadi mpya, kwa hiyo isiandikwe ila mwenye ofisi ameikubali.

Inabaki namna ya kumrudishia mwenzako. Ukiisahihisha kimya kimya na kuituma, kesho utapokea farasi mwingine. Afadhali uwashe alama za masahihisho kwenye faili, yaliyofutwa na yaliyoongezwa yaonekane, na kando ya makosa mazito uandike sababu kwa maneno machache: "hili ni katazo", "saa za Zambia", "uliza kwanza". Mabadiliko ya ladha tu, yale ambayo sentensi yake ilikuwa sahihi ila wewe ungesema vingine, yaache. Karani akiona karatasi nzima nyekundu hatajua lipi lingemgharimu mteja na lipi ni mapenzi yako. Maneno yanayojirudia, kama kichwa cha lori, yadi, hati halisi na yelo kadi, yakiandikwa kwenye ukurasa mmoja ubaoni, mgeni wa ofisi atayakamata ndani ya wiki ya kwanza.

Tangu Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019, maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, na lori linalokwenda Zambia linakaguliwa upande wa Nakonde. Maana yake taarifa nyingi za mzigo wa Mtanzania zinaanzia upande wa pili, kwa lugha ya pili na kwa saa nyingine. Mawakala wa pande zote mbili wanaweza kupunguza hasara kuanzia kwenye barua ya asili, kabla mashine haijaguswa: kila mnapotaja saa, andikeni ni saa za nchi gani, na kila mnapotaja kadi ya njano, semeni ni bima au ni chanjo.